Ankara ya tovuti imetoka dola 35 hadi dola 204 mwaka wa pili: ni sehemu gani ninayoweza kuikataa?

MhasibuFortPortal

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Fort Portal. Ninatunza hesabu za kampuni ndogo inayowapeleka watalii msitu wa Kibale na milima ya Rwenzori, na wageni wetu wengi hutufikia kupitia tovuti. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, kijana aliyetutengenezea tovuti hiyo alituchukulia hosti katika kampuni ya ng'ambo kwa dola 2.95 kwa mwezi. Tulilipa mwaka mzima kwa pamoja, yaani dola 35.40, na domeni ya .com tukapewa bure.

Wiki hii imekuja barua pepe kwamba tarehe 18 Novemba kadi ya kampuni itakatwa dola 204.74. Nimeufungua mchanganuo wake na kukuta kuhosti miezi 12 kwa dola 10.99 kila mwezi, jumla dola 131.88, domeni ya .com mwaka mmoja, dola 21.99, kuficha taarifa za mwenye domeni, dola 14.99, na bekapu ya kila siku, dola 35.88. Nikikadiria dola moja kwa shilingi 3,600, tumetoka shilingi 127,440 hadi shilingi 737,064 kwa tovuti ileile, isiyoongezwa hata ukurasa mmoja.

Siulizi ni wapi kuna hosti rahisi. Ninachotaka kujua ni kipi kati ya vitu hivi vinne kina gharama ya kweli nyuma yake, kipi ni bei aliyojipangia muuzaji, na kama ninaweza kuvitenganisha bila tovuti kuzimika, maana Desemba ndiyo inafungua msimu wetu wa wageni.

Mzee_Bombo

Mhasibu, usimlaumu muuzaji peke yake. Mambo matatu yamekukuta kwa pamoja. La kwanza ni VAT ya asilimia 18, ambayo kampuni nyingi za ng'ambo sasa huwatoza wateja walioko Uganda. La pili ni shilingi yetu mbele ya dola. La tatu ni kwamba domeni za .com zenyewe zimepanda bei huko zinakotoka, Marekani, na jambo hilo lilitangazwa wazi. Nilikaa miaka mingi katika kitengo cha mawasiliano kabla ya kustaafu, na ninakuhakikishia kwamba vifaa na leseni haviteremki bei.

FundiSeva_Ntinda

Mzee wangu, hayo matatu yote yapo, lakini hata ukiyajumlisha hayafiki pale ankara ilipofika. Ukiongeza asilimia 18 juu ya shilingi 127,440 unapata takriban shilingi 150,400, na bado kuna zaidi ya shilingi 580,000 zisizo na maelezo. Zaidi ya hayo, mchanganuo alioutoa Mhasibu haujataja kodi hata mara moja, kwa hiyo huenda VAT itaongezwa juu ya hizo dola 204 wakati wa kukatwa. Mhasibu, hebu litazame hilo.

Kuhusu .com, ni kweli kwamba imepanda. Verisign, ambao ndio waendeshaji wa .com yote duniani, walikuwa wanawauzia wasajili, yaani kampuni zinazotuuzia domeni, kwa dola 7.85 hadi mwaka 2021, kisha wakapandisha mara nne, na Septemba 2024 bei ikafika dola 10.26. Juu yake kuna ada ndogo ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, senti 20 hivi. Kwa hiyo msajili yeyote, awe mkubwa au mdogo, hulipa karibu dola 10.46 kwa kila mwaka wa .com. Hiyo ndiyo sakafu. Aliyekupa domeni bure mwaka wa kwanza alizitoa hizo dola kumi mfukoni mwake, na anayekudai dola 21.99 anataka mara mbili ya alichonunulia. Hakuna udanganyifu hapo, ila ukishaijua sakafu unajua pia kwamba wapo wasajili wanaohuisha .com kwa dola 11 au 12 kila mwaka, bila punguzo la kwanza na bila mshtuko wa pili.

Kuhosti hakuna sakafu ya namna hiyo. Seva moja hubeba mamia ya tovuti ndogo kama yako, na gharama ya kumweka mteja mmoja zaidi ni ndogo. Bei ya dola 2.95 ni ya kukuvuta, na bei ya dola 10.99 ndiyo waliyoipigia hesabu zao tangu mwanzo. Wanajua kwamba baada ya mwaka mmoja barua pepe zako, picha zako na mipangilio yako yote vimekaa kwao, na kwamba watu wengi wataona afadhali kulipa kuliko kuhama. Ukirudi kwenye ukurasa ulionunulia, bei ya kuhuisha imeandikwa pale, kwa herufi ndogo chini ya ile kubwa.

Hivyo viwili vilivyobaki viondoe leo. Tangu Mei 2018, sheria ya Ulaya ya data binafsi ilipoanza kutumika, wasajili wengi huzificha taarifa za mwenye domeni bila malipo, na sioni kwa nini ulipe dola 14.99. Bekapu ya dola 35.88 yaelekea ilikuwa kisanduku kilichotiwa alama wakati wa kununua, kikiwa na mwaka wa majaribio. Ukiziondoa hizo mbili, ankara inashuka hadi dola 153.87 kabla hujahama popote.

Arua_Tekno

Bei hiyo ni ya kawaida kabisa. Mimi hutoza shilingi laki nane kwa tovuti ya kampuni ya utalii, pamoja na picha na fomu ya kuhifadhi nafasi, na sijawahi kusikia mteja akilalamika. Kazi nzuri ina gharama yake.

MhasibuFortPortal

Ndugu Arua, tovuti ilikwishatengenezwa na mtengenezaji alikwishalipwa. Hizi ni pesa za kuiweka hewani tu.

Arua_Tekno

Nimekuelewa sasa, niwie radhi. Kama ni hivyo, mbona njia ni nyepesi? Acha domeni iishe muda wake tarehe 18, subiri siku chache, kisha uinunue upya kama mteja mpya kwa bei ya punguzo. Domeni ni yako, nani mwingine ataitaka?

FundiSeva_Ntinda

Ndugu Arua, huo ushauri umewapotezea watu majina yao. Domeni ya .com haiwi huru siku inapoisha muda. Kwanza msajili anaweza kukaa nayo hadi siku 45, na katika siku hizo wengi huizima tovuti, hugeuza jina lielekee kwenye ukurasa wa matangazo, na baadhi huliweka mnadani. Isipohuishwa inaingia siku 30 za ukombozi, ambapo kuirudisha hulipiwa faini juu ya ada ya kawaida, na mara nyingi faini hiyo ni kubwa kuliko ada yenyewe mara kadhaa. Baada yake kuna siku 5 za kusubiri kufutwa, na dakika inapofutwa kuna kampuni zenye mitambo ya kuyanyakua majina yenye historia. Jina la kampuni ya utalii lililounganishwa na blogu za wasafiri ndilo hasa wanalolitafuta. Muda wote huo barua pepe za wageni zinarudi zilikotoka.

DadaMbale

Samahani kwa kuingilia, lakini yangu inafanana. Nilinunua domeni ya .online kwa ajili ya duka langu la vitenge kwa dola 1 na senti kadhaa, na sasa nadaiwa zaidi ya dola 30 kwa mwaka wa pili. Kama nimemwelewa Fundi, nihamie kwa msajili wa dola 11, siyo?

FundiSeva_Ntinda

Hapana, dada, na ni vizuri umeuliza kabla ya kulipa. Sakafu niliyoitaja ni ya .com peke yake. Kila mkia una mwendeshaji wake na bei yake ya jumla. Kwa .com punguzo la mwaka wa kwanza kwa kawaida hutoka kwa msajili, ndiyo maana kuhama kunasaidia. Kwa mikia mipya kama .online, .store na mingine ya aina hiyo, punguzo mara nyingi hutolewa na mwendeshaji mwenyewe ili majina yaenee, na bei yake ya kawaida kwa wasajili iko juu. Ukihama utaokoa dola chache tu. Linganisha bei ya kuhuisha kwa wasajili watatu. Ukiona wote wanakaribiana, basi hiyo ndiyo bei ya mkia wenyewe. Hapo utaamua kama unalipa au unahamishia duka kwenye jina jingine huku ukilishikilia hili kwa mwaka mmoja zaidi, ili wateja wa zamani waelekezwe kwenye jina jipya.

Mfanyabiashara_Jinja

Mimi nina mtazamo tofauti. Nina tovuti mbili za biashara ya mbao na kila mwaka nafanya hivi: domeni inakaa kwa msajili mmoja na siigusi, lakini hosti inapokaribia kuisha nafungua akaunti mpya kwa kampuni ileile, kwa barua pepe nyingine, napata tena bei ya mteja mpya, nahamisha mafaili, na ya zamani naiacha ife. Mhasibu pia angeweza kulipa miaka mitatu kwa pamoja tangu mwanzo na bei ya dola 2.95 ingemlinda miaka yote mitatu.

FundiSeva_Ntinda

Kulipa miaka mitatu kunalinda bei, hilo sikatai, lakini kunaondoa silaha yako ya pekee, yaani uwezo wa kuondoka huduma ikizorota. Nimewaona waliolipa miaka mitatu halafu seva ikawa nzito mwezi wa nne, na ahadi ya kurudishiwa pesa ilikuwa ya siku 30 tu. Kuhusu akaunti mpya, soma masharti kwanza, kwa sababu baadhi ya kampuni husema wazi kwamba punguzo ni la mteja mmoja mara moja. Kama kadi ni ileile, hawahitaji upelelezi kukutambua.

Mfanyabiashara_Jinja

Nimeyasoma, na kwangu hayakatazi. Tutofautiane hapo.

MhasibuFortPortal

Nashukuru sana. Nimeondoa bekapu na ule ulinzi wa taarifa, na ankara imeshuka kama Fundi alivyosema. Kodi haijawekwa, kuna sentensi chini inayosema inaweza kuongezwa wakati wa malipo.

Sasa nimekutana na jambo jingine. Akaunti yote imefunguliwa kwa jina na barua pepe ya yule kijana, ambaye sasa anafanya kazi Kigali. Tunaelewana vizuri na yuko tayari kusaidia. Nimefikiri nimwombe leo, tarehe 6 Oktoba, abadilishe mwenye domeni iwe kampuni yetu, halafu nikishakuwa mmiliki niihamishe kwa msajili wa bei ya kawaida. Je, huo ndio mpangilio sahihi?

FundiSeva_Ntinda

Mwambie asiguse chochote kwanza! Wasajili wengi, ukibadilisha jina la mwenye domeni au barua pepe yake, huifunga domeni isihamishike kwa siku 60. Ukibadilisha leo, kifungo kinafunguka tarehe 5 Desemba, na domeni inaisha tarehe 18 Novemba. Utakuwa umejilazimisha kulipa zile dola 21.99. Baadhi hutoa nafasi ya kukikataa kifungo hicho kabla ya kubadilisha, lakini usikitegemee kisanduku ambacho hujakiona kwa macho.

Ugeuze mpangilio. Kijana akiwa bado ndiye mwenye domeni, aingie kwenye akaunti, aifungue kufuli la uhamisho, achukue msimbo unaoitwa Auth Code au EPP Code, na akutumie. Asipouona kwenye paneli auombe kwa huduma kwa wateja. Kanuni za ICANN zinawapa siku 5 tu za kuutoa. Wewe unafungua akaunti kwa msajili mpya kwa jina la kampuni, unaingiza msimbo, unalipa dola 12 hivi, na kama ujumbe wa kuthibitisha utakwenda kwa kijana, yeye aukubali. Domeni ikishatua kwenye akaunti yako, weka taarifa za kampuni. Kifungo kikija wakati huo hakikudhuru, kwa sababu huna safari nyingine.

Malipo ya uhamisho wa .com yanaongeza mwaka mmoja juu ya tarehe iliyopo, kwa hiyo siku zilizobaki hazipotei. Ila usingoje mpaka msajili wa zamani akate pesa. Wengine hukata wiki mbili kabla, na ukihama ndani ya zile siku 45 baada ya domeni kujihuisha yenyewe tarehe ya kuisha, ule mwaka uliowalipa hufutwa na unabaki na mwaka wa msajili mpya pekee. Pesa yako ya kwanza itakuwa jambo la kubembelezana nao. Kwa hiyo azime Auto-Renew, yaani kujihuisha kwenyewe, leo, ya domeni na ya hosti, kila moja peke yake, kwa sababu mara nyingi ni vitufe viwili.

Mzee_Bombo

Na barua pepe je? Mwanangu alihamisha tovuti ya shule, ukurasa ukabaki hewani lakini barua hazikufika wiki nzima na hakuna aliyejua sababu.

FundiSeva_Ntinda

Mzee, hapo ndipo wengi wanapoangukia, na Mhasibu aliuliza kuhusu kuzimika. Kuhamisha domeni hakuhamishi mafaili wala barua. Ukihama msajili, seva za majina, zile zinazoelekeza jina lako kwenye tovuti na barua, hubaki zilezile, na tovuti inaendelea kama kawaida. Lakini seva hizo za majina ni za kampuni ya hosti. Siku hosti inapokatwa, rekodi zote zinazokaa humo huondoka nayo, pamoja na zile zinazoelekeza barua pepe.

Kwa sababu hiyo, hosti ihame kwanza, domeni ifuate. Kabla ya yote andika mahali barua zinapokwenda sasa, kwa amri hizi ukiweka jina lako badala ya la mfano:

```
dig +short MX example.com
dig +short TXT example.com
dig +short NS example.com
```

Chukua bekapu kamili, ipandishe kwenye hosti mpya, fungua visanduku vya barua vyenye anwani zilezile, kisha ijaribu tovuti kabla ya dunia kuiona. Kwenye kompyuta yako ongeza mstari mmoja katika faili la `hosts`, wenye namba ya seva mpya:

```
203.0.113.25 example.com www.example.com
```

Wewe peke yako utaona tovuti ikitoka seva mpya. Bonyeza fomu ya kuhifadhi nafasi na uone kama ujumbe unafika. Ukiridhika, futa mstari huo na ubadilishe seva za majina. Kwa siku mbili tatu baadhi ya barua zitaendelea kutua kwenye kisanduku cha zamani, kwa hiyo kiache wazi na ukikague mpaka kinyamaze.

MhasibuFortPortal

Narudi na taarifa. Kabla ya kuhama nilimwomba kijana awaulize kampuni ya ng'ambo kama wana bei nyingine. Baada ya mazungumzo marefu wamekubali kupunguza asilimia 40 kwenye hosti, yaani dola 79.13 kwa mwaka. Nikijumlisha na dola 12 za kuhamisha domeni, inakuwa dola 91.13, sawa na shilingi 328,068. Kampuni moja ya Kampala imenipa hosti kwa shilingi 180,000, inayolipwa kwa simu, na pamoja na domeni inakuwa shilingi 223,200. Tofauti ni shilingi 104,868. Mkurugenzi anaona tubaki tulipo.

Mfanyabiashara_Jinja

Mkurugenzi wako ana hekima. Kwa laki moja na ushei mimi nisingehama mwezi mmoja kabla ya msimu.

FundiSeva_Ntinda

Ninaweza kukubali, mradi maswali mawili yajibiwe kwa maandishi. Wa ng'ambo waseme kama hiyo asilimia 40 ni ya mwaka huu tu. Nadhani ndivyo ilivyo, na Novemba ijayo mtarudi kwenye mazungumzo yaleyale. Wa Kampala waseme bei ya mwaka wa pili ni ngapi, na kama bekapu imo. Hosti ya hapa nchini nayo inaweza kuwa na bei ya kukuvuta.

MhasibuFortPortal

Wamejibu. Punguzo la ng'ambo ni la mwaka mmoja. Kampala wameandika shilingi 180,000 kwa mwaka wa pili pia, na bekapu ya kila wiki imo, ingawa hawakuahidi chochote kuhusu mwaka wa tatu. Tumehamia Kampala, fomu inafanya kazi na barua zinafika. Domeni ndiyo bado. Msimbo niliuingiza juzi, pesa zimekatwa, lakini nikitafuta kwenye lookup.icann.org bado naona msajili wa zamani, na chini yake kuna mstari huu:

```
Domain Status: pendingTransfer https://icann.org/epp#pendingTransfer
```

Je, kuna kitu nimeruka?

FundiSeva_Ntinda

Hujaruka kitu. Msajili wa zamani ana siku 5 za kupinga. Akinyamaza, inahama yenyewe. Kijana wa Kigali atazame barua pepe yake, pamoja na folda ya taka, kwa sababu wakati mwingine kuna kiungo cha kukubali kinachomaliza kazi siku hiyohiyo. Huo mstari ukitoweka na msajili akabaki yuleyule, basi wameukataa, na wanapaswa kukutajia sababu. Uilete hapa.

DadaMbale

Mimi nimelinganisha wasajili watatu kama nilivyoelekezwa. Wote wako kati ya dola 28 na dola 33. Bado sijajua kama nilipe.